Kadi ya zamani nimeikata kwa mkasi, namba mpya sijampa mtu. Hawa jamaa wameipata wapi?

#1 BintiPangani (Houston, Texas)

Wakuu salaam. Nina jambo linaninyima usingizi siku ya pili sasa.

Jumanne tarehe 6 Mei niliona kwenye akaunti yangu malipo ya mafuta, dola 88, kwenye kituo ambacho sijawahi kukanyaga. Nikapiga simu benki, wakaifunga kadi palepale na kuagiza nyingine. Ya zamani ilikuwa inaishia na 4471, mwisho wake 11/27. Mpya inaishia na 9036, mwisho 04/30. Imefika kwa posta Ijumaa tarehe 9, nikaiwasha siku hiyohiyo, na ile ya zamani nikaikata vipande vinne.

Kuna jimu nilijiunga mwaka juzi, wanachukua dola 34.99 kila tarehe 12. Nimeshaacha kwenda, ila kujitoa kwao lazima uende kwa miguu yako na barua. Nikajua basi, kadi imekufa, mkataba nao umekufa. Jumatatu tarehe 12 asubuhi simu ikalia: dola 34.99 zimetoka kwenye kadi mpya! Sijaiingiza popote, hata mume wangu hajaiona namba yake.

Huduma ya muziki nayo imekatwa kama kawaida tarehe 13. Lakini kule ninakohifadhi picha za watoto wameniandikia kwamba kadi imekataliwa, niweke nyingine. Kwa hiyo wawili wamepata pesa, mmoja amekosa. Nani kawapa jimu namba yangu?

#2 Sijalipwa

Benki wamekuuza dada. Jibu ndilo hilo, uzi ufungwe.

#3 FundiWaRedio (Mombasa)

Hakuna aliyeuza chochote. Kadi ikiisha muda huwa namba ni ileile, kinachobadilika ni mwezi na mwaka. Hao wafanyabiashara wanajua kadi mpya hutolewa kwa miaka mitatu, minne au mitano, basi kompyuta yao inajaribu. Ikikataa wa tatu, inajaribu wa nne. Mimi kadi yangu iliisha Februari, nikapewa nyingine, na huduma ya filamu haikusimama hata siku moja. Sikugusa kitu.

#4 Nyota_ya_Asubuhi

Fundi, rudi usome #1. Namba yenyewe imebadilika, 4471 imekuwa 9036. Hapo wanakisia nini? Tarakimu kumi na sita?

#5 FundiWaRedio

Nimeona, kwake yeye ni tofauti. Lakini kwangu namba haikubadilika, kwa hiyo langu linasimama.

#6 Bi_Mwanaisha

Mimi yalinikuta mwaka jana. Simu iliibwa Kariakoo, nikaenda kurudisha laini, nikapewa laini mpya dukani kwa wakala. Kuweka tu kwenye simu nyingine, M-Pesa yangu ikarudi na salio lake lote. Nilishangaa sana maana laini ile ya kwanza anayo mwizi. Je, ni jambo hilohilo mnaloongelea?

#7 Sijalipwa

Mama, huku tunaongelea kadi za benki, laini za simu ni uzi mwingine.

#8 KaraniWaKadi (Toronto)

Msimfukuze Bi Mwanaisha, mfano wake tutauhitaji muda si mrefu.

Nilikaa miaka tisa kitengo cha kadi cha benki moja Nairobi, sasa niko kampuni ya kuchakata malipo huku Kanada. Dada BintiPangani, aliyewapa jimu namba yako ni benki yako, ila hakuwapa mkono kwa mkono, na hakuiuza. Iko njia rasmi. Kwa Visa inaitwa Visa Account Updater, kwa Mastercard inaitwa Automatic Billing Updater.

Inakwenda hivi. Tarehe 6 ulipopiga simu, benki ilitoa namba mpya na kuifunga ile ya zamani. Pamoja na kuagiza plastiki, mfumo wao ukapeleka taarifa kwa mtandao wa kadi: 4471 imebadilishwa, sasa ni 9036, mwisho 04/30. Mtandao ukaiandika kwenye daftari lake. Hapo bado jimu hajui kitu.

Upande wa pili, jimu ana kampuni inayomchakatia malipo. Siku chache kabla ya tarehe ya kukata, kampuni hiyo hukusanya kadi zote zitakazokatwa na kuupelekea mtandao orodha: hizi tunazo, kuna mabadiliko? Jibu hurudi kwa kila kadi, na kwa Visa huja kama herufi moja. A maana yake namba imebadilika, hii hapa mpya. E ni namba ileile, tarehe tu ndiyo mpya. C ni akaunti imefungwa. V ni kila kitu kiko sawa, hakuna jipya. Ya kwako ilirudi A. Tarehe 12 walipokata, walikata 9036 moja kwa moja, hawakuijaribu 4471 kabisa. Siku hizi wengine hawangojei orodha, wanauliza sekunde ileile wanapokata.

Kwa hiyo Fundi, kadi yako ya Februari huenda ilirudi E. Hakuna aliyekisia.

Dada, nifanyie jambo moja. Ingia kwenye akaunti zako zote tatu, nenda sehemu ya malipo, uangalie tarakimu nne za mwisho na tarehe wanazokuonyesha. Usituwekee namba nzima hapa.

#9 FundiWaRedio

Mkuu heshima yako, lakini usinifutie kila kitu. Nimewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya ving'amuzi, na mwenzangu wa idara ya malipo aliniambia kwa mdomo wake kwamba walikuwa wanasogeza mwaka mbele na malipo yanapita.

#10 KaraniWaKadi

Sikukatalii kwamba yamewahi kufanyika na kupita. Sababu iko upande wa benki. Malipo yakija na alama kwamba ni ya kujirudia, na mteja hayuko pale, baadhi ya benki hazikazii tarehe. Zinaangalia namba ipo, akaunti ipo hai, pesa ipo, basi. Nyingine zitakataa kwa namba 54, yaani kadi imeisha muda. Kwa hiyo mwenzako huenda alidhani amekisia vizuri kumbe benki haikuangalia kabisa alichoandika. Wewe mwenyewe huwezi kujua ipi ilipita kwako, E au kutokukaziwa.

#11 DukaLaDarasa (Arusha)

Niongeze kutoka upande wa muuzaji. Tuna programu ndogo ya kuwafundisha Kiswahili watoto wa diaspora, wazazi wanalipa kwa mwezi. Kampuni tumeisajili Delaware na malipo yanapita Stripe. Mara kadhaa kila mwezi seva yetu inapokea ujumbe wa namna hii (nimebadilisha tarakimu):

```
"type": "payment_method.automatically_updated",
"data": {
  "object": { "card": {
    "last4": "2208", "exp_month": 9, "exp_year": 2029 } },
  "previous_attributes": { "card": {
    "last4": "7315", "exp_month": 1, "exp_year": 2027 } }
}
```

Ndiyo kusema mzazi fulani kabadilishiwa kadi, namba ya zamani iliishia 7315, sasa 2208. Sisi hatukuomba na wala hatukuambiwa kwa nini. Namba nzima hatuioni kamwe, tunaona nne za mwisho na tarehe. Sasa dada anaposema jimu "wanayo namba yake", huenda nao wana tarakimu nne tu kama sisi, nzima iko kwa mchakataji.

Jambo ninaloliona kila mara: wazazi wenye kadi za Marekani hujisasisha wenyewe. Wenye kadi za huku nyumbani wengi hukwama siku kadi inapobadilishwa, inabidi nimwandikie mzazi mmojammoja. Nimekuwa nikidhani ni kosa la programu yetu.

#12 KaraniWaKadi

Si kosa lenu. Pande zote mbili lazima zishiriki. Benki isipopeleka taarifa, daftari la mtandao halina cha kujibu. Visa hurudisha N, yaani kadi za aina hiyo hazimo kabisa kwenye huduma. Muuzaji naye asipouliza, hata benki ikipeleka kila siku, hatapata kitu. Nadhani hawa wa picha za watoto wa dada ndio walewale wasiouliza.

#13 Sijalipwa

Narudi kwenye hoja yangu. Namba ya mtu imetoka benki ikaenda kwa jimu, mwenyewe hana habari. Nyinyi mnaita "njia rasmi". Ruhusa alitoa lini?

#14 Nyota_ya_Asubuhi

Hapo Sijalipwa ana hoja nzito. Mimi nikibadilisha kufuli la nyumba, sitegemei fundi wa kufuli awapelekee funguo wote waliokuwa na funguo za zamani.

#15 KaraniWaKadi

Ruhusa huwa imo kwenye makubaliano ya kadi, zile kurasa ambazo mtu husaini bila kusoma, na sisi wa benki tulijua kwamba hazisomwi. Sipendi hilo. Nilipokuwa Nairobi tuliwahi kubishana chumbani kama mteja aliyeibiwa atumiwe japo ujumbe mfupi kumwambia kadi mpya imeshapelekwa kwa waliokuwa na ya zamani. Haukutumwa.

Lakini mfano wa funguo haujakaa sawa. Mwizi wa mafuta haruhusiwi kuuliza. Anayeuliza ni muuzaji aliyeandikishwa na mtandao kupitia benki yake. Na mteja anaweza kuiambia benki yake imtoe kwenye huduma hiyo. Hapo muuzaji akiuliza, hapewi namba. Kwa Visa anaweza kujibiwa Q, kwamba wasiliana na mwenye kadi. Piga simu ukatamke jina la huduma, maana wa dirishani wengi hawajui unaongelea nini.

#16 BintiPangani

Ahsanteni wote. Mkuu Karani, nimeangalia kama ulivyoagiza.

Jimu: inaonyesha 9036, 04/30.
Picha: inaonyesha 4471, 11/27, na alama nyekundu.
Muziki: inaonyesha 4471, 11/27, na chini yake wameandika imelipwa tarehe 13 Mei. Kwenye taarifa ya benki pesa ya muziki kweli imetoka tarehe 13.

Hii ya tatu imenichanganya kuliko zote. 4471 si imefungwa?

#17 Bi_Mwanaisha

Subhanallah. Kadi iliyokatwa kwa mkasi inalipa muziki.

#18 KaraniWaKadi

Ndiyo maana nilisema mfano wako tutauhitaji, mama. Ulipoibiwa simu na kurudisha laini, kile kipande cha plastiki kilikuwa kipya lakini namba yako ya simu ilibaki ileile, na watu waliendelea kukupigia. Hawakuhitaji kujua kwamba laini imebadilishwa.

Wauzaji wakubwa siku hizi wanafanya hivyo na kadi. Siku ulipoandika 4471 kwenye huduma ya muziki, wao waliomba mtandao uwape namba mbadala, tunaiita tokeni. Nayo ina tarakimu kama za kadi na tarehe yake yenyewe, ila imefungwa kwa muuzaji yule mmoja. Akiiba mtu, hawezi kwenda kununulia mafuta. Mtandao ndio unaojua tokeni hii inaelekea kadi gani. Benki ilipokupa 9036, ilichofanya ni kuelekeza tokeni ileile kwenye kadi mpya. Muziki wakakata tokeni yao kama kila mwezi, ikapita. Skrini yao inaonyesha 4471 kwa kuwa hawajasasisha maandishi, lakini kilichokatwa siyo 4471.

Ni utaratibu uleule uliomo kwenye Apple Pay tangu 2014.

#19 Mlinda_Lango (Minneapolis)

Samahani Karani, hapa nitapingana na wewe. Mimi niko kitengo cha ulaghai, benki ya hapa Marekani. Umesema kama uliona kwa macho. Tokeni ni uwezekano mmoja. Kuna mwingine ninaokutana nao kazini: namba inafungwa kwa manunuzi mapya, lakini malipo ya kujirudia ya muuzaji ambaye mteja amekuwa akimlipa kwa muda yanaachwa yapite na kuhamishiwa kwenye kadi mpya. Tunafanya hivyo makusudi, la sivyo mtu aliyeibiwa kadi anaamka amekatiwa bima ya gari. Dada yuko hapahapa Marekani, na muziki kawalipa siku nyingi. Kwangu mimi hiyo ndiyo inayoelekea zaidi.

#20 KaraniWaKadi

Kwa kadi iliyofungwa kwa ulaghai? Sisi tulikuwa tunakataa kila kitu kwenye namba ya zamani. Kila kitu. Halafu mbona picha walikataliwa? Nao ni wa kujirudia, nao kawalipa siku nyingi.

#21 Mlinda_Lango

Benki yenu ilikataa, yetu haikatai. Kanuni hizo kila benki hujiwekea. Na picha huenda walikata bila kuweka alama ya kujirudia, wako wauzaji wazembe hivyo. BintiPangani, waliokukatalia picha walikuandikia sababu gani?

#22 BintiPangani

Wameandika tu "kadi yako imekataliwa na benki". Hakuna namba ya sababu.

#23 Mlinda_Lango

Basi hatuwezi kujua kwa upande huo. Wapigie benki yako uwaombe wakusomee malipo ya muziki ya tarehe 13: yaliingia kwa tokeni au kwa namba ya kadi? Wao wanaona kwenye skrini.

#24 Mwalimu_Chuma

Wakati wakubwa wanabishana, mimi naomba kuuliza. Zile namba tatu za nyuma ya kadi je? Kadi mpya ina namba tatu mpya. Mbona wanakata bila kuziuliza?

#25 DukaLaDarasa

Hilo nalijibu mimi maana tulikaguliwa. Hakuna muuzaji anayeruhusiwa kuzitunza namba hizo tatu baada ya malipo ya kwanza kuidhinishwa, ni sheria ya usalama ya kadi, PCI DSS. Unaziandika mara moja siku ya kujiunga, zinapelekwa benki, zinafutwa. Miezi yote inayofuata hukatwa bila hizo. Kwa hiyo zibadilike, zisibadilike, malipo ya kila mwezi hayajali. Ukimkuta muuzaji amezihifadhi, mkimbie.

#26 Mwalimu_Chuma

Shukrani. Kumbe siku zote nilidhani hizo tatu ndizo ulinzi wangu.

#27 Sijalipwa

Dada wa Houston, na wewe swali: jimu ulikwenda mara ngapi kabla ya kukimbia?

#28 BintiPangani

Miezi minne nilikwenda vizuri, kaka. Kisha zamu yangu hospitali ikahamishiwa usiku. Usinichokoze.

#29 Mwana_wa_Reading (Uingereza)

Mnaongelea kadi lakini tatizo la dada ni kujitoa jimu. Huku kwetu malipo haya yana sheria. Ukiiambia benki iliyotoa kadi kwamba umeondoa ruhusa ya muuzaji fulani kukata, benki lazima isimamishe, haina haki ya kukwambia nenda kwanza kwa muuzaji. Nilifanya hivyo kwa jarida moja, simu ya dakika kumi. Usibadilishe kadi, ondoa ruhusa.

#30 Mlinda_Lango

Marekani kuna kitu cha kufanana nacho ikiwa kadi ni ya akaunti ya kawaida, siyo ya mkopo. Unaiarifu benki angalau siku 3 za kazi kabla ya tarehe ya kukatwa. Kwa mdomo inatosha kuanzia, ila wanaweza kukudai barua ndani ya siku 14. BintiPangani, yako ni ya aina gani?

#31 BintiPangani

Ya akaunti ya kawaida, mshahara unaingia humo.

#32 Mlinda_Lango

Vizuri. Tarehe 12 Juni ni Alhamisi. Hesabu nyuma siku tatu za kazi, Jumatatu tarehe 9 iwe mwisho wako, usingojee mpaka hapo. Taja jina la jimu kama linavyosomeka kwenye taarifa ya akaunti, na kiasi. Na uwaambie unaondoa ruhusa yote, siyo malipo ya mwezi mmoja, maana ni amri mbili tofauti kwenye mfumo. Ukizuia mwezi mmoja, Julai wanarudi.

Na usichanganye: hiyo inazuia pesa, haivunji mkataba. Jimu akidai bado unadaiwa, anaweza kukupeleka kwa wakusanya madeni. Barua ya kujitoa ipeleke pia, kwa posta yenye risiti.

#33 FundiWaRedio

Hapa nina swali la kweli. Nikihama benki kabisa, nikafunga akaunti huku na kufungua kwingine, hao wa kusasisha watanifuata?

#34 KaraniWaKadi

Hapana. Benki ya zamani itapeleka C, akaunti imefungwa, muuzaji anatakiwa aache kukata. Benki mpya haijui kama ulikuwa na kadi kule, kwa hiyo hakuna wa kuunganisha. Kufuata hutokea ndani ya benki ileile, akaunti ileile. Ndiyo maana watu waliohama benki hukaa mwezi mzima wakiandika kadi upya kila mahali, na waliobadilishiwa kadi na benki yao hawaandiki hata moja.

#35 Mama_Kijani (Dar)

Jamani mimi ni kinyume cha dada. Nalipia jina la tovuti ya biashara yangu ya vitenge mara moja kwa mwaka. Kadi yangu iliisha Machi, benki ikanipa mpya, nikaridhika nikijua nimeshaweka kujilipa. Aprili tovuti ikapotea. Barua pepe ya kukataliwa ilikwenda kwenye anwani niliyofungulia miaka hiyo, siingii tena. Nimekaa siku kumi na moja wateja wakinipigia, dada umefunga duka? Kwa hiyo huyo "mfuatiliaji" wa kadi mnayemlalamikia, mimi nilimhitaji sana na hakuja.

#36 DukaLaDarasa

Pole sana mama. Ndiyo yaleyale ya wazazi wangu wa huku. Malipo ya mwaka ni mabaya zaidi, maana ya mwezi yakikwama unagundua haraka. Kadi yako ikibadilishwa, yale ya mwaka yafungue kwa mkono, yote. Na badilisha anwani ya barua pepe.

#37 Sijalipwa

Mama Kijani umenifanya nifikirie upya kidogo. Kidogo. Bado nataka niulizwe.

#38 Nyota_ya_Asubuhi

Niko na Sijalipwa. Wanitumie ujumbe: kadi yako mpya imepelekwa kwa hawa wanne, unamtaka nani abaki? Simu inayonitumia salio kila saa haishindwi hilo.

#39 KaraniWaKadi

Kwa tokeni linaanza kuwezekana. Baadhi ya benki tayari zinakuonyesha kwenye programu ya simu orodha ya wauzaji walio na kadi yako, na unaweza kumwondoa mmoja bila kugusa wengine. Kwa orodha ya herufi ni vigumu zaidi, kwa sababu benki hupeleka badiliko mara moja kwa mtandao bila kujua nani atauliza. Dada, angalia programu ya benki yako kama ina sehemu hiyo.

#40 BintiPangani (14 Juni)

Nimerudi wakuu, samahani kwa ukimya.

Nilipiga simu benki tarehe 3 Juni. Wa kwanza hakujua ninachosema, nikamwomba anipeleke kitengo cha kadi. Yule wa pili alielewa nilipotaja Visa Account Updater. Kaniondolea ruhusa ya jimu yote, kwa jina lilivyo kwenye taarifa. Kujitoa kwenye kusasishwa nimekataa, kwa sababu ya mlivyosema bima na kwa sababu ya Mama Kijani. Tarehe 12 imepita, hawajakata. Barua ya jimu nimeipeleka kwa posta yenye risiti. Jana nimepata yao, wanadai malipo ya Juni na faini ya dola 15. Nitawajibu na nakala ya risiti.

Picha nimeandika kadi kwa mkono. Muziki wamekata tena tarehe 13, na skrini yao bado inaonyesha 4471.

Nilimuuliza yule dada wa kitengo cha kadi swali la Mlinda Lango. Akaangalia, akasema malipo ya Mei yameandikwa kwenye kadi 9036, ila skrini yake haimwonyeshi yaliingiaje.

#41 Mlinda_Lango

Kuandikwa 9036 kunakubaliana na langu na la Karani vilevile. Ulipaswa kuongea na kitengo cha migogoro, wao wana skrini ya ndani zaidi.

#42 KaraniWaKadi

Kuna jaribio moja. Ile programu ya benki, sehemu ya wauzaji walio na kadi: muziki wapo kwenye orodha? Wakiwepo, ni tokeni.

#43 BintiPangani

Sehemu hiyo ipo. Orodha ina simu yangu, saa ya mume wangu, na duka moja la mtandaoni nililosahau kabisa. Muziki hawamo. Jimu pia hawamo.

#44 Mlinda_Lango

Naona Karani amenyamaza.

#45 KaraniWaKadi

Sijanyamaza, niko kazini. Orodha hizo si benki zote huonyesha tokeni za kila aina, nyingi zinaonyesha za simu na chache za maduka. Dada, usiwape muziki kadi mpya. Iache hivyohivyo mpaka Novemba 2027, 4471 ingekuwa inaisha. Wakikata Desemba na bado wanaonyesha 11/27, njoo utuambie.

#46 Bi_Mwanaisha

Novemba 2027 Inshallah tutakuwepo. Na mimi nauliza, hilo duka alilolisahau lina nini chake?